Kijiji cha kaya 4 na kijiji cha kaya 100: uzani upi katika miraba midogo ya jumla?

*Shikamoo Mwalimu. Nina wastani wa mavuno ya mahindi kwa ekari na wastani wa mbolea kwa ekari katika vijiji 60, msimu mmoja. Vijiji vingine vina kaya 4 tu, vingine vinafika 100. Msimamizi wangu anasema nimpe kila kijiji uzani wa idadi ya kaya zake. Nilipofanya hivyo kosa sanifu lilishuka karibu nusu. Mwenzangu anasema hapana, nitumie miraba midogo ya jumla, lakini kila kitabu kinaanza na matriksi ya makosa ambayo mimi siijui. Nifuate lipi, na hatua zake ni zipi?*

Marahaba. Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa msimamizi wako naye ameona jambo la kweli, kwamba kijiji cha kaya 4 hakistahili kusikilizwa sawa na kijiji cha kaya 100. Wanachotofautiana ni kiasi: kijiji kikubwa kisikilizwe mara ngapi zaidi ya kidogo? Uzani wa idadi ya kaya unajibu mara 25. Katika mfano nitakaoufanyia hesabu hapa chini jibu linalofaa halifiki hata mara 4, na kule kuzidisha kunaharibu makadirio kuliko kutotumia uzani wowote.

Tuanze na kosa lenyewe, kwa sababu matriksi unayoiogopa haitoki kwingine. Mavuno ya kaya moja huachana na yale yanayotabiriwa na mbolea kwa sababu za aina mbili. Za kwanza ni za kaya yenyewe: mkulima aliugua wakati wa kupalilia, mbegu ilikuwa ya mwaka juzi, au mpimaji alikadiria ukubwa wa shamba kwa macho. Za pili ni za kijiji kizima: mvua ilikatika wiki ile mahindi yanachanua, udongo ni wa kichanga, au viwavijeshi walipita shamba hadi shamba. Unapochukua wastani wa kijiji, makosa ya kaya moja moja hufutana, na kadiri kaya zinavyoongezeka ndivyo yanavyozidi kufutana. Kosa la kijiji halifutiki hata uhoji kaya elfu moja, maana kila kaya inalo lile lile. Tukiita varianti ya kosa la kijiji A na varianti ya kosa la kaya B, basi varianti ya kosa katika wastani wa kijiji chenye kaya n ni

```
v = A + B/n
```

Uzani wa idadi ya kaya ni sahihi pale tu A inapokuwa sifuri, yaani pale ambapo majirani hawana mvua, udongo wala wadudu wa pamoja. Kwa mahindi yanayotegemea mvua, hilo ni jambo gumu kulikubali hata kabla ya kufungua kompyuta.

Sasa tutie namba, ambazo nimezitunga ili hesabu ziwe nyepesi. Tuseme mavuno yanapimwa kwa magunia kwa ekari, A ni 0.9 na B ni 12. Kijiji cha kaya 4 kina varianti ya 0.9 + 3, yaani 3.9. Kijiji cha kaya 100 kina varianti ya 0.9 + 0.12, yaani 1.02. Ukigawanya 3.9 kwa 1.02 unapata 3.8, na hizo ndizo mara ambazo uzani wa kijiji kikubwa unastahili kuuzidi ule wa kijiji kidogo. Kuongeza kaya kutoka 100 hadi 1,000 kungeshusha varianti kutoka 1.02 hadi 0.912 tu, kwa hiyo baada ya hapo kijiji kinakuwa karibu kimeshatoa kila kilicho nacho.

Ili uone gharama ya kukosea uzani, acha mbolea pembeni kwa muda na tukadirie wastani mmoja tu kutoka vijiji 24, ambavyo 20 vina kaya 4 na 4 vina kaya 100. Miraba midogo ya kawaida, inayowapa wote uzani sawa, ina kosa sanifu la kweli la gunia 0.38. Uzani wa A + B/n unalishusha hadi 0.33. Uzani wa idadi ya kaya unalipandisha hadi 0.43, kwa sababu vile vijiji vinne sasa vimebeba uzani wa 400 kati ya 480, na bahati ya mvua ya vijiji vinne ndiyo inayoamua jibu lote. Lakini programu haitakuonyesha 0.43. Ukiipa uzani wa idadi ya kaya inaamini kwamba A ni sifuri, na kwa kanuni yake ya kawaida itachapisha takriban 0.24. Kosa sanifu lililoshuka karibu nusu, lile ulilolifurahia, linaweza kuwa limetoka hapo hapo: makadirio yamezidi kuyumba huku jedwali likidai yametulia.

Kabla sijaendelea, kuna uzani mwingine wa idadi ya kaya ambao si kosa, na watu huuchanganya na huu. Ukitaka kutaja wastani wa mavuno ya kaya zote za wilaya, basi kijiji kikubwa lazima kihesabiwe zaidi kwa kuwa kina watu zaidi; huo ni uzani wa uwakilishi na unahusu ni nani unamzungumzia. Uzani tunaoujadili sisi unahusu ni taarifa ipi inaaminika zaidi. Muulize msimamizi wako alikuwa na upi akilini, maana huenda hamkuwa mnabishania jambo moja.

Miraba midogo ya jumla yenyewe ni wazo la mwaka 1935, alipolieleza kwa lugha ya matriksi Alexander Aitken, mwanahisabati kutoka Nyuzilandi aliyekuwa akifundisha Edinburgh. Makosa yakiwa na matriksi ya varianti tuiite Ω, makadirio bora kabisa miongoni mwa yale ya mstari yasiyo na upendeleo ni

```
b = (X' Ω⁻¹ X)⁻¹ X' Ω⁻¹ y
```

Maneno haya yanatisha kuliko kazi yake. Maana yake ni kwamba ubadilishe data mpaka makosa yawe na ukubwa sawa na yasihusiane, kisha ufanye miraba midogo ya kawaida kwenye data iliyobadilishwa. Kwa wastani wa vijiji, tukichukulia kwamba kijiji kimoja hakihusiani na kingine, Ω ina namba kwenye ulalo tu, na namba hizo ni v za kila kijiji. Kuibadilisha data ni kugawanya kila mstari kwa kipeuo cha pili cha v yake.

Chukua kijiji cha kaya 4 chenye mavuno ya magunia 6.5 na mbolea kilo 20 kwa ekari. Kipeuo cha pili cha 3.9 ni 1.975, kwa hiyo mavuno yanakuwa 3.29 na mbolea inakuwa 10.13. Kijiji cha kaya 100 chenye magunia 9 na kilo 45 kinagawanywa kwa 1.01, kinabaki na 8.91 na 44.6, karibu kama kilivyokuwa. Halafu kuna safu ya tatu ambayo haionekani kwenye faili, nayo ni safu ya moja-moja ya konstanti. Nayo lazima igawanywe: kijiji kidogo kinapata 0.506 mahali pa 1, kikubwa kinapata 0.990. Baada ya hapo regresheni inafanywa bila konstanti ya kawaida, kwa kuwa safu hiyo mpya ndiyo konstanti yenyewe. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, niligawanya mavuno na mbolea, nikaiacha programu iweke konstanti yake, na nikakaa siku mbili nikijiuliza kwa nini mteremko umegeuka. Siku hizi unaweza kuikwepa shida hiyo kwa kuipa programu uzani wa 1/v moja kwa moja, lakini uhakikishe ni 1/v na si 1 kugawanya kwa kipeuo cha v, maana programu itaingiza kipeuo yenyewe.

Mpaka hapa nimejifanya ninazijua A na B. Wewe huzijui, na hakuna anayezijua. Toleo linalowezekana la njia hii ni kuzikadiria kutoka kwenye data ile ile, na linaanzia kwenye jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka: miraba midogo ya kawaida, hata makosa yakiwa na ukubwa tofauti, haina upendeleo mradi makosa yasihusiane na mbolea. Inapoteza usahihi, na kosa sanifu lake la kawaida haliaminiki, lakini mstari wenyewe uko mahali panapofaa. Kwa hiyo mabaki yake, yaani tofauti kati ya mavuno halisi na yale ya kwenye mstari, ni taswira inayotosha ya makosa tusiyoyaona. Mraba wa baki la kijiji ni kisio la v ya kijiji hicho. Ni kisio bovu sana likiwa peke yake, ila ukiyachukua yote 60 kwa pamoja yanaanza kusema kitu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kufanya regresheni ya kawaida ya mavuno juu ya mbolea na kuhifadhi mabaki. Ya pili ni kuyapandisha kwenye mraba na kufanya regresheni ya miraba hiyo juu ya 1/n. Ukiutazama tena mlinganyo wa v utaona kwamba konstanti ya regresheni hii ya pili ni kisio la A, na mteremko wake ni kisio la B. Ya tatu ni kurudisha A na B kwenye mlinganyo ili kila kijiji kipate v yake, kutoka kwenye mstari na si kutoka kwenye baki lake mwenyewe. Ya nne ni kurudia regresheni ya mavuno kwa uzani wa 1/v. Kwa R ni mistari mitano:

```r
m0 <- lm(mavuno ~ mbolea, data = d)
d$r2 <- resid(m0)^2 / (1 - hatvalues(m0))
a <- coef(lm(r2 ~ I(1/n), data = d))
d$v <- a[1] + a[2] / d$n
m1 <- lm(mavuno ~ mbolea, data = d, weights = 1/v)
```

Kule kugawanya kwa `1 - hatvalues(m0)` ni marekebisho madogo: mstari hujivuta kuelekea vijiji vyenye mbolea nyingi mno au kidogo mno, na mabaki yao huonekana mafupi kuliko makosa yalivyo. Ukiwa na vijiji 60 tofauti yake si kubwa, lakini haigharimu kitu.

Nimesisitiza kwamba v itoke kwenye mstari kwa sababu kuna wanaokata kona na kumpa kila kijiji uzani wa 1 kugawanya kwa mraba wa baki lake. Kijiji ambacho kwa bahati kimeangukia karibu kabisa na mstari wa kwanza, tuseme baki la 0.05, kingepata uzani wa 400, na chenye baki la 2 kingepata 0.25. Regresheni ya pili ingekuwa inathibitisha tu kile ilichokisema ya kwanza, na kosa sanifu lingekuwa dogo ajabu. Ukiona matokeo yamekuwa safi kupita kiasi, angalia hapo kwanza.

Angalia pia alama za A na B kabla ya kwenda hatua ya nne, kwa maana hakuna kinachoizuia regresheni ya miraba kutoa namba hasi. A ikitoka hasi, vijiji vikubwa vinaweza kupata v iliyo chini ya sifuri na programu itagoma. Hapo usiichukulie moja kwa moja kuwa ruhusa ya kuiweka sifuri na kurudi kwenye uzani wa idadi ya kaya, kwani mara nyingi chanzo ni kijiji kidogo kimoja chenye baki kubwa mno kilichouinua mteremko na kuizamisha konstanti. Chora miraba ya mabaki dhidi ya 1/n ukione kwa macho. Huenda ni sifuri iliyozidi wakati wa kuingiza data. B ikitoka hasi, data inakuambia kwamba vijiji vidogo havina makosa makubwa kuliko vikubwa, na hapo bakia na miraba midogo ya kawaida.

Hebu tuulize A inajulikana kwa uhakika gani. Mraba wa baki moja, makosa yakiwa ya kinormali, huyumba kwa takriban mara 1.4 ya v yenyewe. Katika mfano wetu, habari za A zinatoka hasa kwenye vile vijiji vinne vikubwa, kwa kuwa kwenye vidogo A imefunikwa na B/4. Miraba minne inayoyumba namna hiyo inatupa A ya 0.9 yenye kosa sanifu la karibu 0.7. Kwa maneno mengine, ungeweza kabisa kupata 0.2 au 1.6, na uzani wa kijiji kikubwa dhidi ya kidogo ukawa mara 10 au mara 2.7 badala ya 3.8.

Hilo linasikika vibaya kuliko lilivyo. Nimefanya hesabu: kwa uzani wa mara 10 kosa sanifu la kweli ni 0.37, na kwa uzani wa mara 2.7 ni 0.34, wakati ukiujua uzani kamili ni 0.33. Yote mawili yako chini ya 0.38 ya miraba ya kawaida na mbali na 0.43 ya idadi ya kaya. Makadirio ya mteremko yanauvumilia uzani usio kamili. Kisichovumilia ni kosa sanifu linalochapishwa, kwa sababu kanuni yake inachukulia kwamba v zinajulikana, wakati wewe umezikisia. Kwa hiyo baada ya hatua ya nne usichukue kosa sanifu la kawaida la `m1`. Tumia lile lisilotegemea umbo la varianti, lililoenezwa na Halbert White mwaka 1980, na kwa vijiji 60 chagua aina inayoitwa HC3 ambayo ni ya tahadhari zaidi. Ndani ya R ni `vcovHC(m1, type = "HC3")` kutoka kifurushi cha `sandwich`. Uzani unakuletea usahihi, na kosa sanifu hilo linakulinda pale uzani usipokuwa sahihi. Watu huviona kama vitu viwili vya kuchagua kimoja, na sijawahi kuelewa kwa nini.

Ukiwa na faili la kaya moja moja, na naamini unalo kwa kuwa wastani haukushuka kutoka mbinguni, B huhitaji kuikisia kutoka kwenye miraba 60. Ondoa wastani wa kijiji kwenye mavuno na kwenye mbolea ya kila kaya, fanya regresheni ya tofauti hizo, kisha pima varianti ya kinachobaki. Hiyo ndiyo B. Katika mfano wetu tofauti za ndani ya vijiji zinatoa taarifa huru zipatazo 456, na B inajulikana kwa kosa la takriban asilimia 7. Kinachobaki kutafutwa ni A pekee: toa B/n kwenye kila mraba wa baki la kijiji, na usikilize zaidi vile vijiji vikubwa ambavyo B/n yao ni ndogo.

Je, urudie mzunguko, yaani uchukue mabaki ya `m1`, ukadirie upya A na B, kisha uzani mpya? Mara moja au mbili hakuna ubaya, na namba zikitulia upesi ni dalili njema. Ila tahadhari: mabaki ya kutumia ni yale ya magunia halisi, si yale yaliyogawanywa kwa kipeuo cha v. Yaliyogawanywa yameshasawazishwa, hayana tena uhusiano na 1/n, na ukiyatumia utadhani tatizo limeisha lenyewe. Hayo yana kazi nyingine. Yachore dhidi ya idadi ya kaya: kama v zako ni nzuri, mtawanyiko utakuwa na upana ule ule kushoto na kulia. Ukiendelea kuwa mpana upande wa vijiji vidogo, B yako ni ndogo mno. Ukiwa mpana upande wa vikubwa, A ndiyo iliyopunjwa.

Kipimo cha mwisho ninachokiamini kuliko vyote ni kuweka mteremko wa `m0` na wa `m1` sambamba. Njia zote mbili zinakadiria kitu kile kile, kwa hiyo zitofautiane kwa kiasi ambacho makosa sanifu yanaweza kukieleza. Tuseme kilo kumi za mbolea zinaongeza gunia 0.8 kwa njia ya kwanza na 0.7 kwa ya pili: hapo pumua. Zikiongeza 0.8 kwa ya kwanza na 0.2 kwa ya pili, usiandike kwamba uzani umerekebisha jibu. Uzani haurekebishi mteremko usio na upendeleo. Umebadilisha vijiji vinavyosikilizwa, na vijiji vikubwa vinasema jambo tofauti na vidogo, labda kwa kuwa vikubwa viko karibu na barabara na mbolea inafika kwa wakati. Hilo ni swali la kilimo na linatakiwa kuingia kwenye modeli kama kigezo, si kufichwa ndani ya uzani.

Matriksi ya makosa kwenye vitabu vyako inahusu pia makosa yanayohusiana, na hadi sasa inaonekana nimeyakwepa. Kwa kweli tumekuwa nayo tangu mwanzo. Ukirudi kwenye faili la kaya, kaya mbili za kijiji kimoja zina A ya pamoja, kwa hiyo makosa yao yanahusiana kwa A/(A + B), ambayo katika mfano wetu ni 0.9 kwa 12.9, yaani 0.07. Ni uhusiano ambao kwa macho ungeupuuza. Lakini kaya 100 zenye uhusiano wa 0.07 zinatoa taarifa ya kaya 12.65 tu zilizo huru, na kaya 4 zinatoa ya 3.31. Gawanya 12.65 kwa 3.31 na unapata 3.8 ile ile. Makosa yanayohusiana kati ya kaya za kijiji kimoja na makosa yasiyo sawa kati ya wastani wa vijiji ni jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili. Ukifanya kazi kwenye kaya, kubadilisha data ni kutoa sehemu ya wastani wa kijiji kwenye kila kaya, na sehemu hiyo ni

```
θ = 1 - sqrt(B / (B + n*A))
```

ambayo kwa kijiji cha kaya 4 ni 0.12, na kwa kijiji cha kaya 100 ni 0.66. Hapa, hata hivyo, kuna sharti linalovunjika mara nyingi kwenye data ya kilimo. Njia yote hii, kwenye kaya au kwenye wastani, inadai kwamba kosa la kijiji lisihusiane na mbolea. Kama vijiji vyenye udongo mzuri ndivyo vinavyonunua mbolea nyingi, kosa la kijiji limeshaingia ndani ya mteremko, na hakuna uzani utakaolitoa. Linganisha na mteremko wa ndani ya vijiji peke yake, ule uliotumia kupata B, kwa sababu wenyewe umeshaondoa kila kitu cha kijiji. Ukiwa mdogo kwa mbali kuliko wa `m1`, uandike huo wa ndani na uiache miraba midogo ya jumla kabisa. Hiyo ndiyo maana ya kipimo cha Hausman cha mwaka 1978, na kwa maoni yangu ungeanza nacho kabla ya kusumbuka na v.

Umesema data yako ni ya msimu mmoja, na naona utaongeza mingine siku zijazo. Kwa mfululizo mmoja mrefu, ambapo kosa la msimu huu linarithi sehemu ρ ya kosa la msimu uliopita, hatua ni zile zile: mabaki ya kawaida, kisio la ρ kutoka kwenye mabaki na mabaki ya nyuma yake, kisha kutoa ρ mara thamani iliyopita kwenye kila safu, konstanti ikiwemo. Cochrane na Orcutt mwaka 1949 waliuacha msimu wa kwanza kwa kuwa hauna uliotangulia. Prais na Winsten mwaka 1954 waliubakiza kwa kuuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 1 − ρ², na kwa mfululizo mfupi ufuate huo wa pili. Lakini wewe utakuwa na vijiji 60 na misimu mitatu au minne, na utakutana na ushauri wa kukadiria uhusiano wa kila kijiji na kila kijiji kingine. Hesabu kwanza: varianti na kovarianti za vijiji 60 ni namba 1,830, na misimu mitatu inakupa mabaki 180. Matriksi inayotokana haigeuziki, na programu ikikuambia hivyo inakutendea hisani. Hata pale inapogeuzika kwa shida, yaani misimu inapoizidi kidogo tu idadi ya vijiji, Beck na Katz walionyesha mwaka 1995 kwamba makosa sanifu ya njia hiyo, iliyopendekezwa na Parks mwaka 1967, huwa madogo mno kuliko ukweli. Katika kazi yako A na B zinatosha, pamoja na kosa la msimu linalowekwa wazi kama kigezo cha kila mwaka.